Namba saba ninazoanza nazo kwenye mstari wa namba

Kwa miaka yote niliyofundisha hesabu, mada ya kupanga namba naifungua kwa zoezi lile lile. Naandika ubaoni namba saba zilizochanganywa: 5/8, -0.07, -1¾, 0.6, -2/3, -1.5 na -0.66. Kazi ni kuzipanga kuanzia ndogo kabisa hadi kubwa kabisa, kisha kila mmoja achore mstari wa namba na kuonyesha kila namba ilipo. Kikokotoo hakiruhusiwi. Jibu sahihi ni hili: -1¾, -1.5, -2/3, -0.66, -0.07, 0.6, 5/8. Ni wachache wanaolipata mara ya kwanza, wala hilo halinisumbui, maana siku hiyo natafuta makosa, tena nayataka yatoke kama yalivyo kichwani mwa kila mmoja.

Namba hizo hazikuja ovyo. Mazoezi mengi ya kupanga namba yana kasoro moja: mwanafunzi mwenye wazo potofu anaweza kuyapata yote. Muulize kati ya 0.5 na 0.75 ipi kubwa, atajibu 0.75 hata kama anachofikiria ni kwamba 75 inaizidi 5. Muulize kati ya 1/4 na 3/4, ataangalia kiasi peke yake, asiiguse asili, na bado atapata. Kati ya -4 na 3 atatazama alama ya hasi basi. Daftari linajaa vema. Siku anapoletewa 0.4 na 0.35 ndipo inajulikana kwamba muda wote alikuwa akizisoma tarakimu za baada ya nukta kama namba nzima, na kwake 35 lazima iishinde 4. Kwa hiyo kila namba katika zile saba nimeiweka kama mtego. Ikikaa pasipo pake, mahali ilipokaa panaeleza mwanafunzi aliwaza nini.

Naanza upande wa kulia wa sifuri, ambako wengi hudhani hakuna kazi. Kosa ninalokutana nalo sana huko ni 5/8 kutangulizwa kabla ya 0.6. Kwenye karatasi linaonekana kosa moja, lakini chini yake kuna mawazo yasiyohusiana kabisa. Yupo anayeigeuza 5/8 kuwa 0.58: amechukua kiasi na asili, akazipanga baada ya nukta, akamaliza. Yupo anayejua vizuri kwamba 5/8 ni vipande vitano kati ya vinane, ila alipogawa sehemu ya kutoka 0 hadi 1 alichora vistari vinane katikati. Vistari vinane vya katikati vinazaa vipande tisa, hivyo kistari chake cha tano kimeangukia 5/9, ambayo ni kama 0.56. Na yupo aliyegawa sawasawa, vipande vinane bila kasoro, lakini katika kuhesabu akaanza na kistari cha sifuri. Sifuri akaiita moja, na alipofika tano alikuwa kwenye 4/8. Wote watatu wameangukia kushoto kwa 0.6. Sasa huyu wa mwisho ukimweleza kwamba 5/8 si sawa na 0.58 atakukodolea macho tu, kwa kuwa hajawahi kusema hivyo.

Swali la kuwatenganisha ni fupi: nionyeshe 4/8 iko wapi. Wa kwanza ataniandikia 0.48. Wa pili ataiweka kwenye 4/9, ikipungua kidogo kufika katikati. Wa tatu ataiweka kwenye 3/8, mbali kabisa na katikati. Nimeichagua 4/8 kwa sababu karibu kila mwanafunzi anajua kwamba nne ya nane ni nusu, na nusu kila mtu anajua inapokaa. Hapo mwanafunzi anagongana na kitu anachokijua mwenyewe, sihitaji kumwambia lolote. Binti mmoja aliyekuwa na vistari vinane aliutazama mstari wake kwa muda, akapima kwa rula, akasema, “Mwalimu, nusu yangu haiko katikati.” Nikamwambia ahesabu vipande, si vistari. Akahesabu kwa ncha ya penseli, akafika tisa, akacheka, akafuta vistari vyote na kuanza upya kwa vistari saba.

Baada ya hapo ndipo ulinganisho wenyewe unapokuwa na maana. 0.6 ni 6/10, yaani 3/5. Kigawe kidogo cha shirika cha 5 na 8 ni 40, kwa hiyo tuna 24/40 na 25/40. Zimepishana kwa kipande kimoja katika arobaini. Anayependa desimali agawe 5 kwa 8 apate 0.625, kisha aandike 0.6 kama 0.600 ili namba zote mbili ziwe na tarakimu sawa baada ya nukta. Njia zote mbili ni nzuri. Mimi naipendelea ya kwanza kwa 5/8 na ya pili kwa sehemu ambazo asili yake ni 4, 20 au 25, lakini hilo ni suala la mazoea.

Kuhusu kuchora, vipimo si jambo dogo. Namba zetu ziko kati ya -2 na 1, na kwenye daftari natumia sentimita 5 kwa kila kizio, hivyo mstari wote una sentimita 15. Sehemu ya kumi inakuwa milimita 5, rahisi kwa rula. Tatizo linakuja kwenye sehemu ya nane, ambayo ni milimita 6.25, na sehemu ya tatu, ambayo haimaliziki kwenye rula. Ukitaka mstari mmoja ugawike kwa kumi, kwa nane na kwa tatu bila kubaki, unahitaji vipande 120 katika kila kizio, na hakuna anayechora vipande 120 kwenye sentimita 5.

Dawa niliyoizoea ni mistari miwili sambamba, mmoja juu ya mwingine, sifuri chini ya sifuri, moja chini ya moja, hasi moja chini ya hasi moja. Wa juu naugawa kwa kumi kwa ajili ya desimali. Wa chini ni wa sehemu, na huo siupimi kwa rula. Mwanafunzi anakata utepe wa karatasi wenye urefu wa kizio kimoja. Akiukunja katikati mara tatu mfululizo anapata mikunjo saba na vipande vinane. Utepe wa pili anaukunja mara tatu kwa mtindo wa barua, akisogeza mpaka pande zote tatu zilingane, anapata theluthi. Anauweka utepe kwenye mstari wa chini, anahamisha alama, kisha anatumia ukingo wa rula uliosimama wima kuona namba ya chini iko upande gani wa namba ya juu. Hapo 5/8 inaonekana kulia kwa 0.6 kwa zaidi kidogo ya milimita moja. Ni umbali mdogo, lakini penseli iliyochongwa inauonyesha. Faida nyingine ya utepe ni kwamba mikunjo inajihesabu yenyewe: hakuna anayeukunja utepe katikati mara tatu akapata vipande tisa.

Upande wa kushoto ndiko penye vita, na namba inayofichua mengi kuliko zote ni -1¾.

Kosa la kwanza ni la anayesoma kwa kufuata alama moja moja. Anaona -1, anakwenda kwenye -1. Halafu anaona ¾ isiyo na alama ya hasi mbele yake, anageuka na kwenda kulia robo tatu. Anaishia kwenye -0.25, na katika mpangilio wake -1¾ inakaa kati ya -0.66 na -0.07. Kosa la pili ni la mwanafunzi mzuri zaidi. Huyu anajua kabisa kwamba -1¾ iko kati ya -2 na -1. Anagawa nafasi hiyo kwa robo nne. Kisha anahesabu robo tatu kutoka kushoto kwenda kulia, kama macho yalivyozoea kusoma, akianzia kwenye -2. Moja, mbili, tatu, na anatua kwenye -1¼. Katika mpangilio wake -1.5 inatangulia -1¾. Kwa hiyo nikiona -1¾ iko baada ya -0.66 najua mwanafunzi ameipasua alama ya hasi, na nikiiona mara tu baada ya -1.5 najua alama ameielewa, tatizo ni alikoanzia kuhesabu.

Wote wawili nawarudisha kwenye jambo moja: -1¾ ni kinyume cha 1¾. Alama ya hasi inaifunika namba nzima, moja pamoja na robo tatu yake, kama vile imeandikwa -(1 + ¾). Ili kuifikia unaanza kwenye sifuri, unaupa mgongo upande wa kulia, unakwenda kizio kimoja, na bila kugeuka unaongeza robo tatu. Mwanahisabati Mwingereza John Wallis alizieleza namba hasi kwa mwendo wa namna hiyo mwaka 1685: mtu anakwenda mbele yadi 5, kisha anarudi nyuma yadi 8, na swali ni je, sasa yuko mbele kwa yadi ngapi? Yuko -3. Wanafunzi wangu nawasimamisha sakafuni kwenye mstari wa chaki na kuwaambia waende. Anayegeuka akiwa kwenye -1 huwa anasikia wenzake wakimpigia kelele kabla sijafungua mdomo.

Kuna njia ya pili ya kuhakiki, nzuri kwa wanaopenda kuandika: igeuze kuwa sehemu guni. 1¾ ni 7/4, kwa hiyo namba yetu ni -7/4. Robo saba kutoka sifuri kwenda kushoto. Hapo hakuna tena namba nzima na sehemu za kuchanganya, na -1.5 ni -6/4, robo sita. Aliyetembea robo saba kwenda kushoto yuko mbali zaidi kushoto kuliko aliyetembea robo sita, na aliye kushoto ndiye mdogo.

Sasa niseme kuhusu ile kanuni wanayokuja nayo wengi, kwamba “kwenye hasi unageuza.” Kanuni si ya uongo. Ukizipanga 1.75, 1.5, 2/3, 0.66 na 0.07 kwa ukubwa, kisha ukazigeuza na kuzivika alama ya hasi, unapata mpangilio sahihi. Ninachokiona darasani ni kwamba mwanafunzi aliyeikariri hajui mwisho wa kugeuza uko wapi. Wengine wanageuza orodha yote, chanya pamoja na hasi, na hapo ndipo 5/8 inapotangulia 0.6 kwa sababu ya nne, isiyohusiana na vistari wala nukta. Wengine wanageuza mara mbili: wanazipanga sawa kwa macho, halafu wanakumbuka kanuni na kuvuruga walichokwisha patia. Mimi siikatazi, ila siifundishi. Nafundisha kutafuta mahali: kwanza namba iko kati ya namba kamili zipi mbili, pili iko umbali gani kutoka sifuri, tatu upande upi. Zikishakaa zote mahali pake, mpangilio unausoma tu kutoka kushoto kwenda kulia, na hakuna cha kugeuza.

-0.07 ina mtego mdogo, nao ni wa nafasi. Baadhi ya wanafunzi wanaiweka kwenye -0.7, kushoto kwa -2/3, kana kwamba ile sifuri baada ya nukta ni pambo. Kwenye mstari wa juu wenye sehemu za kumi namuuliza anayefanya hivyo: kati ya 0 na -0.1 kuna nini? Wengi hujibu hakuna kitu. Nawaambia waigawe nafasi hiyo ya milimita 5 kwa kumi, kila kipande nusu milimita, na -0.07 iko kwenye kipande cha saba kutoka sifuri, milimita 3.5. Mtu akishaona kwamba namba hiyo haijafika hata kwenye kistari cha kwanza cha sehemu za kumi, halirudii kosa hilo kirahisi.

Zinabaki -2/3 na -0.66, na hapa mchoro unashindwa. Anayegeuza 2/3 kuwa 0.23, kwa wazo lile lile la 0.58, atajulikana mara moja kwa sababu -2/3 yake itakuwa kulia kwa -0.66, umbali wa vistari vinne vya sehemu za kumi hivi. Lakini aliyeelewa kila kitu naye anakwama. Kwa kizio cha sentimita 5, namba hizi mbili zimepishana kwa theluthi moja ya milimita. Ncha ya penseli inaweza kuwa nene kuliko hapo. Mwanafunzi mwaminifu anachora nukta moja na kusema ziko mahali pamoja, na kwa anachokiona yuko sahihi. Hata ubaoni, nikitumia sentimita 50 kwa kizio, zinapishana kwa milimita 3 na kidogo, sawa na upana wa chaki iliyolika.

Wengine huamua kwamba ni namba ile ile, kwa kuwa wamezoea kuandika 2/3 kama 0.66 au 0.67 wanapokadiria. Nawaomba wagawe 2 kwa 3 kwa mkono na wasiache mapema. 0.6, inabaki 2. 0.66, inabaki 2. 0.666, inabaki 2. Baki haiishi, kwa hiyo tarakimu haziishi, na kila tunapoacha tunakuwa tumeacha kitu nyuma. 2/3 inaizidi 0.66 kwa hicho kilichoachwa. Kwa upande wa sehemu mambo ni mafupi zaidi: 0.66 ni 66/100, kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 100 ni 300, tunapata 200/300 na 198/300. 2/3 iko mbali zaidi kutoka sifuri, kwa hiyo -2/3 iko kushoto zaidi, kwa hiyo -2/3 ni ndogo.

Kwa wanaotaka kuona, tunachora mstari mwingine unaoanzia -0.67 na kuishia -0.66, tukiupa kipande hicho kidogo sentimita 10 nzima. Vistari vyake vinasoma -0.669, -0.668, -0.667, mpaka -0.661. Ile nukta moja ya awali sasa imekuwa namba mbili zilizo mbali: -0.66 iko ukingoni kulia, na -2/3 iko kati ya -0.667 na -0.666, sentimita 6 na theluthi mbili kutoka ukingo huo. Hapo huwa nawakumbusha kwamba mstari huu umekatwa, sifuri haimo, na aliye kulia bado ndiye mkubwa ingawa hatuioni sifuri tunayopimia. Wapo wanaojichanganya hapo, wakaona -0.669 kubwa kwa sababu tarakimu zake ni kubwa, na kwao narudi kwenye mstari mrefu kwanza.

Kipindi kimoja mvulana aliyekuwa ameshamaliza aliuliza kama kuna namba yoyote kati ya hizo mbili, -2/3 na -0.66. Kabla sijajibu mwenzake alishaona 200/300 na 198/300 ubaoni, akasema -199/300. Yule wa kwanza akaendelea: na kati ya -2/3 na hiyo -199/300? Kati ya 199 na 200 hakuna namba nzima, na darasa lilinyamaza kwa muda. Kisha mwanafunzi mmoja wa nyuma akazidisha kiasi na asili kwa mbili, akaandika 400/600 na 398/600, na katikati yao akaweka -399/600. Nilimwambia airahisishe. Akagawa juu na chini kwa tatu, akapata -133/200, akaibadilisha kuwa desimali: -0.665. Mwenzake aliyekuwa na ule mstari wa sentimita 10 akasema hiyo kistari chake kilikuwepo tangu mwanzo, cha tano kutoka kulia.